Kiwango cha akiba kikipanda: fuatilia mtaji wa kila mfanyakazi hatua kwa hatua

Kiwango cha akiba kikipanda kutoka asilimia 20 ya pato hadi asilimia 30, mtaji kwa kila mfanyakazi utaongezeka. Jibu hilo wengi wanalo. Ukiuliza utaongezeka kiasi gani, utachukua muda gani, na kwa nini ongezeko lenyewe litafika mahali likome ilhali watu bado wanaweka asilimia 30 ile ile, majibu huanza kuyumba. Mwongozo huu unachukua badiliko hilo moja na kulifuata tangu siku ya kwanza hadi mwisho, kwa namba ndogo unazoweza kuzikokotoa kwa kalamu.

Modeli ya ukuaji wa uchumi tutakayoifuata ilitolewa mwaka 1956 na Robert Solow wa Marekani, na mwaka huo huo Trevor Swan wa Australia akatoa ya kwake iliyofanana nayo. Tutaitumia katika umbo lake jepesi kabisa: uchumi haukopi nje, hakuna serikali, na kila kinachowekwa akiba kinawekezwa. Teknolojia tutaiacha itulie kwanza, kisha tutairudisha baadaye.

Hatua ya 1: Gawa kila kitu kwa idadi ya wafanyakazi

Usianze na mtaji wa nchi nzima. Anza na mtaji wa mfanyakazi mmoja, yaani mashine, majengo na vifaa vyote vikigawanywa kwa idadi ya wanaofanya kazi. Tuuite k. Pato la mfanyakazi mmoja tuliite y. Uhusiano wa viwili hivyo tutauandika hivi:

```
y = k^0.5
```

Maana yake, pato ni kipeuo cha pili cha mtaji. Mfanyakazi mwenye mtaji wa 4 anazalisha 2. Mwenye mtaji wa 9 anazalisha 3. Mwenye 16 anazalisha 4. Tazama namba hizo kwa makini, kwa sababu kila kitakachofuata kimejificha humo. Kutoka pato la 2 hadi la 3 ulihitaji mtaji wa ziada 5. Kutoka 3 hadi 4 unahitaji 7. Kila nyongeza ya mtaji inaleta pato, ila kila mara inaleta kidogo kuliko ile iliyotangulia. Mtu mmoja akiwa na mashine mbili anafaidika. Akiwa na mashine kumi, mikono ni ile ile miwili.

Kipeo hicho cha 0.5 kina jina: alfa. Nimekichagua kwa sababu kinatoa namba safi. Vitabu vingi hutumia theluthi moja, na mwishoni tutaona kwamba uchaguzi huo unabadilisha mambo makubwa.

Sasa unahitaji namba tatu nyingine. Kiwango cha akiba, s, ni 0.20 kwa kuanzia. Uchakavu wa mtaji, d, ni 0.08 kwa mwaka, yaani asilimia 8 ya mitambo na majengo huchoka na kutupwa. Idadi ya wafanyakazi inakua kwa n, ambayo ni 0.02.

Hatua ya 2: Tafuta mahali uchumi unapotulia

Kuna nguvu mbili zinazovutana. Upande mmoja ni uwekezaji, ambao kwa mfanyakazi mmoja ni s mara y. Upande wa pili ni kiasi kinachohitajika ili k isishuke. Kiasi hicho kina sehemu mbili. Ya kwanza kila mtu anaikumbuka: lazima ufidie kilichochakaa. Ya pili husahaulika: wafanyakazi wapya asilimia 2 wanaoingia kila mwaka hawaji na mashine mikononi, kwa hiyo lazima nao wapatiwe mtaji wa kiwango cha wenzao. Usipofanya hivyo, mtaji uliopo utagawanywa kwa watu wengi zaidi na k itashuka hata kama hakuna kilichoharibika. Jumla ya mahitaji ni asilimia 8 kujumlisha 2, yaani asilimia 10 ya k.

Kwa hiyo badiliko la k katika mwaka ni:

```
badiliko la k = s*y - (n + d)*k
```

Hali thabiti ni pale badiliko hilo linapokuwa sifuri. Weka namba zetu: 0.20 mara kipeuo cha k iwe sawa na 0.10 mara k. Gawa pande zote kwa kipeuo cha k na kwa 0.10, unabaki na kipeuo cha k ni 2, kwa hiyo k ni 4. Pato ni 2. Akiba ni 0.4, mahitaji ni 0.4, na matumizi ni 1.6.

Kabla ya kuendelea, hakikisha haujachanganya mambo mawili. Kusema uchumi umetulia hakumaanishi kwamba hakuna kinachokua. Mtaji wa nchi nzima unakua kwa asilimia 2 kila mwaka, na pato la nchi nzima pia, kwa sababu wafanyakazi wanaongezeka kwa asilimia 2. Kilichotulia ni mgao wa kila mmoja. Ukiona jibu la mtihani linasema "katika hali thabiti mtaji haukui", uliza kwanza: mtaji upi?

Kwa hesabu tu, k ya sifuri nayo inatimiza mlinganyo huo, maana pasipo mtaji hakuna pato wala akiba. Lakini uchumi wenye mtaji hata kidogo huondoka hapo na kuelekea 4, kwa hiyo hatutaihesabu.

Hatua ya 3: Pandisha akiba, kisha angalia siku ya kwanza

Sasa watu wanaanza kuweka asilimia 30. Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa, kwa hiyo twende polepole: ni kipi kinaruka papo hapo, na kipi kinabaki palepale?

Mtaji haurukiruki. Ni limbikizo la miaka iliyopita, na uamuzi wa leo asubuhi hauwezi kuleta kiwanda kilichosimama mchana. Kwa hiyo k bado ni 4. Na kwa kuwa pato linatokana na k, y nayo bado ni 2. Kinachobadilika mara moja ni mgawanyo wa hilo pato. Uwekezaji unaruka kutoka 0.4 hadi 0.6. Matumizi yanaanguka kutoka 1.6 hadi 1.4. Hayo ndiyo maumivu ya siku ya kwanza, na hakuna namna ya kuyakwepa ndani ya modeli hii, kwa sababu cha ziada cha kuwekeza hakiwezi kutoka popote isipokuwa mezani.

Ukichora, weka k kwenye mhimili wa chini. Utakuwa na mistari mitatu: mstari uliopinda wa pato, mstari uliopinda wa uwekezaji ulio chini yake, na mstari ulionyooka wa mahitaji wenye mteremko wa 0.10. Akiba ikipanda, unausogeza mstari mmoja tu, ule wa uwekezaji, na unausogeza juu huku mwanzo wake ukibaki kwenye sifuri. Mstari wa pato hauguswi, kwa sababu mashine hazijawa bora zaidi. Mstari ulionyooka hauguswi, kwa sababu uchakavu na ongezeko la wafanyakazi ni yale yale. Mtu anayepandisha mstari wa pato amechora maendeleo ya teknolojia bila kujua, na majibu yake yote yanayofuata yatakuwa ya swali jingine.

Kwenye k ya 4 sasa kuna pengo: uwekezaji 0.6, mahitaji 0.4. Pengo la 0.2 ndilo linaloanza kusukuma mtaji mbele.

Hatua ya 4: Tembea mwaka kwa mwaka

Mwaka wa kwanza k inaongezeka kwa 0.2 na kuwa 4.2. Kipeuo chake ni 2.049, hilo ndilo pato jipya. Uwekezaji ni asilimia 30 yake, yaani 0.615. Mahitaji ni asilimia 10 ya 4.2, yaani 0.420. Pengo sasa ni 0.195. Limepungua kidogo tu, lakini limepungua.

Rudia. Kwenye Excel au programu yoyote ya majedwali, andika 4 kwenye A2, kisha kwenye A3 andika:

```
=A2+0.3*SQRT(A2)-0.1*A2
```

Buruta chini hadi miaka mia. Pato ni `=SQRT(A2)` na matumizi ni `=0.7*SQRT(A2)`. Utapata kitu kama hiki:

```
mwaka    k       y       matumizi   pengo
0        4.000   2.000   1.400      0.200
1        4.200   2.049   1.435      0.195
2        4.395   2.096   1.468      0.189
5        4.946   2.224   1.557      0.173
7        5.286   2.299   1.609      0.161
10       5.752   2.398   1.679      0.144
```

(Mjuzi wa hesabu atasema kwamba kwa mwaka mzima inapaswa ugawe pia kwa 1.02, kwa kuwa wafanyakazi wameongezeka. Ni kweli. Safari itakuwa ya polepole kidogo, lakini mahali pa kufikia hapabadiliki hata chembe.)

Safu ya matumizi ndiyo ya kuitazama kwanza. Yalianza kwenye 1.6, yakaanguka hadi 1.4, na mwaka wa 7 ndipo yanarudi juu ya 1.6. Kwa karibu miaka saba watu wanatumia chini ya walivyokuwa wakitumia kabla ya kuongeza akiba. Kuanzia hapo wanakula faida. Anayesema "akiba zaidi huleta matumizi zaidi" na anayesema "akiba zaidi hubana matumizi" wote wana haki. Wanasoma tu safu zile zile kwenye mistari tofauti.

Kisha tazama pengo. Linasinyaa kila mwaka. Uwekezaji unapanda, ndiyo, lakini unapanda kwa mwendo wa kipeuo, ilhali mahitaji yanapanda kwa mwendo ulionyooka. Kila mashine unayoongeza inakudai asilimia 10 yake kila mwaka, iwe ni mashine ya kwanza au ya mia. Lakini mashine ya mia haikuletei pato kama la ya kwanza. Mapema au baadaye dai hilo litameza akiba yote.

Hatua ya 5: Tafuta mahali papya pa kutulia

Weka 0.30 badala ya 0.20 kwenye mlinganyo wa hatua ya pili. Kipeuo cha k ni 3, kwa hiyo k ni 9, pato ni 3, na matumizi ni asilimia 70 ya 3, yaani 2.1. Uwekezaji ni 0.9, mahitaji ni 0.9. Pengo limekwisha.

Akiba imepanda mara moja na nusu. Mtaji kwa kila mfanyakazi umepanda zaidi ya maradufu, kutoka 4 hadi 9. Pato limepanda mara moja na nusu. Na ukuaji wa pato la kila mfanyakazi, ambao mwaka wa kwanza ulikuwa karibu asilimia 2.5, umerudi kuwa sifuri. Mwaka wa 10 ulikuwa karibu asilimia 1.3, na mwaka wa 20 haufiki asilimia 1. Kiwango kimepanda na kubaki juu. Kasi ilipanda, ikashuka, ikaisha.

Kuna njia ya kuhakiki jibu lako bila kurudia hesabu yote. Gawa mtaji kwa pato. Hapo mwanzo ni 4 kwa 2, yaani 2. Mwishoni ni 9 kwa 3, yaani 3. Sasa gawa akiba kwa mahitaji: 0.20 kwa 0.10 ni 2, na 0.30 kwa 0.10 ni 3. Zinalingana, na zitalingana daima. Katika hali thabiti uwiano wa mtaji kwa pato ni s gawanya kwa n kujumlisha d, hata alfa iwe ngapi. Kama hazilingani, umekosea mahali. (Katika mfano wetu uwiano huo na pato vina namba sawa, 2 na 3. Hiyo ni bahati ya kutumia kipeuo cha pili, usiifanye kanuni.)

Uwiano huo una faida nyingine. Pengo kati yake na mahali unapokwenda hufungwa kwa kasi isiyobadilika, ambayo ni moja kutoa alfa, mara n kujumlisha d. Kwetu ni 0.5 mara 0.10, yaani asilimia 5 ya umbali uliobaki kwa mwaka. Kwa kasi hiyo nusu ya safari inachukua miaka 14 hivi. Nusu ya nusu iliyobaki inachukua miaka 14 mingine. Kwa hiyo baada ya kizazi kizima uchumi bado umebakiza robo ya njia, na mtu aliyekuwa akisoma takwimu muda wote huo angeweza kuapa kwamba akiba imeongeza ukuaji wa kudumu.

Kwa nini ukuaji unazimika

Hapa ningekuomba ukae kidogo, kwa sababu ndipo kiini cha modeli kilipo.

Kabla ya Solow, mawazo yaliyotawala yalikuwa ya Roy Harrod (1939) na Evsey Domar (1946). Katika hesabu zao, kama zilivyotumiwa na wapangaji wengi wa maendeleo, uwiano wa mtaji kwa pato ulichukuliwa kuwa umefungwa. Tuseme ni 2. Basi kila shilingi mbili za mtaji mpya zinaleta shilingi moja ya pato, leo na milele. Mtaji unakua kwa s gawanya kwa 2, toa uchakavu na ongezeko la watu. Akiba ikiwa 0.20, ni 0.10 toa 0.10, ukuaji kwa kila mfanyakazi ni sifuri. Akiba ikiwa 0.30, ni 0.15 toa 0.10, asilimia 5 kila mwaka bila kikomo. Ukiamini hivyo, sera ya uchumi inakuwa rahisi mno: tafuta akiba, au msaada wa kuziba pengo la akiba, na kasi itajileta.

Rudi sasa kwenye jedwali letu la hatua ya 4. Mwaka wa kwanza mtaji ulitoka 4 kwenda 4.2. Hiyo ni asilimia 5, sawasawa kabisa na hesabu ya Harrod na Domar! Siku ya kwanza modeli hizi mbili zinakubaliana kuhusu mtaji. Zinapoachana ni kwenye pato: kwao pato lingekua asilimia 5 pia, kwetu limekua nusu ya hapo. Kwa kuwa mtaji umekua haraka kuliko pato, uwiano wao haubaki 2, unapanda kidogo. Mwaka unaofuata, 0.30 inagawanywa kwa namba kubwa zaidi, na ukuaji unapungua. Uwiano unazidi kupanda hadi ufike 3. Hapo 0.30 gawanya kwa 3 ni 0.10, toa 0.10, ni sifuri.

Kwa hiyo akiba ya ziada haikupotea. Imeishia kwenye uwiano. Uchumi wenye mtaji mwingi kwa kila shilingi ya pato unahitaji akiba kubwa zaidi ili tu ubaki ulipo, na asilimia 10 za ziada sasa zinafanya kazi hiyo ya kubaki.

Ukitaka kujiridhisha kwamba sababu ni hiyo na si nyingine, badilisha fomula ya uzalishaji iwe y ni nusu ya k, yaani kila nyongeza ya mtaji ilete pato lile lile. Kwenye programu badilisha `SQRT(A2)` iwe `A2/2`. Akiba ya 0.30 sasa inaleta ukuaji wa asilimia 5 kila mwaka, na hauzimiki. Kila kitu kingine ni kile kile. Kilichoondoka ni kupungua kwa mchango wa nyongeza ya mtaji, na kilipoondoka, hali thabiti nayo imeondoka.

Teknolojia ikirudi

Tuseme ufanisi wa wafanyakazi unakua kwa asilimia 2 kwa mwaka. Ili namba zetu zisivurugike, tupunguze uchakavu uwe 0.06, jumla ya mahitaji ibaki 0.10. Sasa unagawa mtaji kwa wafanyakazi na pia kwa kiwango cha ufanisi wao, na mtaji huo uliogawanywa mara mbili ndio utakaotoka 4 kwenda 9. Hesabu haibadiliki.

Kinachobadilika ni usomaji. Mtaji kwa kila mfanyakazi wa kawaida hautulii tena kwenye namba moja. Unakua asilimia 2 kwa mwaka kabla ya badiliko la akiba, na utakua asilimia 2 baada ya safari kwisha. Katikati, ukuaji wa pato la kila mfanyakazi unaanza karibu na asilimia 4.5 na kushuka taratibu hadi 2. Kwenye mchoro wa miaka uliochorwa kwa logi ya pato utaona njia mbili zenye mteremko mmoja, ya pili ikiwa juu ya ya kwanza, na uchumi ukihama kutoka moja kwenda nyingine. Ukuaji wa kudumu unatoka kwenye ufanisi peke yake.

Je, tuendelee kupandisha?

Mtaji zaidi si lazima uwe maisha bora zaidi. Pandisha akiba hatua kwa hatua na usome matumizi ya hali thabiti. Kwa 0.30 ni 2.1. Kwa 0.40, k ni 16, pato 4, matumizi 2.4. Kwa 0.50, k ni 25, pato 5, matumizi 2.5. Kwa 0.60, k ni 36, pato 6, na matumizi yanarudi 2.4. Uchumi wa 0.60 una mtaji zaidi ya maradufu ya ule wa 0.40, na watu wake wanatumia kiasi kile kile. Ziada yote inakwenda kufidia uchakavu na kuwapatia wafanyakazi wapya mashine.

Kilele ni pale akiba inapolingana na alfa, kwetu 0.50. Edmund Phelps alikiita Kanuni ya Dhahabu mwaka 1961. Alama yake ni kwamba mtaji wa mwisho kuongezwa unaleta pato sawasawa na gharama yake ya kuudumisha: kwenye k ya 25, nyongeza ya moja inaleta 0.10, na inadai 0.10. Kwenye k ya 4 ilikuwa inaleta 0.25, ndiyo maana kulikuwa na cha kupata.

Tofauti ya kushoto na kulia kwa kilele ni kubwa kuliko inavyoonekana. Aliye kulia akipunguza akiba anapata matumizi zaidi leo na kesho pia. Hakuna anayeumia, kwa hiyo kubaki huko ni hasara tupu. Aliye kushoto, kama uchumi wetu wa 0.20, lazima mtu abane karibu miaka saba ili wengine wafaidi. Modeli inakuambia ukubwa wa sadaka hiyo na malipo yake. Kama inafaa kuitoa haikuambii, maana kiwango cha akiba humu ndani kimetolewa kutoka nje. David Cass na Tjalling Koopmans, mwaka 1965, walijenga modeli ambamo kaya zenyewe zinaamua kiasi cha kuweka, na huko swali hilo lina nafasi.

Kabla ya kuamini namba, badilisha alfa

Alfa ya 0.5 ni kubwa. Katika soko la ushindani alfa ni fungu la pato linalokwenda kwa wenye mtaji, na kwa muda mrefu fungu hilo limekadiriwa kuwa karibu theluthi moja. Rudia basi kwa theluthi. Kwenye Excel weka `A2^(1/3)` mahali pa kipeuo, na anza na 2.828.

Uwiano wa mtaji kwa pato bado unatoka 2 kwenda 3, kama tulivyoahidiwa. Lakini mtaji kwa kila mfanyakazi sasa unatoka 2.83 hadi 5.20, na pato kutoka 1.41 hadi 1.73. Hiyo ni asilimia 22, si 50. Matumizi ya hali thabiti yanapanda kutoka 1.13 hadi 1.21 tu, karibu asilimia 7, kwa sababu kilele sasa kiko kwenye akiba ya 0.33 na 0.30 tayari imekikaribia. Na ingawa safari yenyewe ni ya haraka zaidi, nusu ya umbali wa ule uwiano ikiisha kwa miaka 10 hivi, matumizi yanachukua takribani miaka 14 kurudi yalipokuwa, maradufu ya muda wa mfano wa kwanza. Akiba imepanda kwa kiasi kile kile na mahitaji ni yale yale, lakini kipeo kimoja kimegeuza mpango uliokuwa na faida nono kuwa mpango ambao mtu mzima ana haki ya kuukataa.